Shilingi ya dukani hurudi baada ya siku ngapi?

Duka la vifaa vya ujenzi linaweza kuuza kila siku, likafunga mwezi na faida, na Jumatatu mwenyewe akakosa fedha ya kuagiza saruji. Hakuna aliyeiba. Faida ni hesabu inayoonyesha kwamba bei ya kuuzia ilizidi gharama. Haionyeshi fedha yenyewe imerudi lini. Kati ya siku unayomlipa msambazaji na siku mteja anayokulipa wewe kuna pengo, na pengo hilo lazima mtu alibebe: mtaji wako, msambazaji, au benki. Urefu wake ukiuhesabu kwa siku ndio mzunguko wa fedha wa duka.

Mzunguko una vipande vitatu. Cha kwanza ni siku za mzigo, yaani muda bidhaa inaokaa dukani na stoo tangu ifike hadi iuzwe. Cha pili ni siku za madeni, tangu uuze hadi fedha iingie. Hivyo viwili unavijumlisha. Cha tatu ni siku za mali kauli, muda unaokaa na mzigo wa msambazaji kabla ya kumlipa. Huo unautoa, kwa sababu siku hizo unafanya biashara kwa fedha yake.

```
siku za mzigo      = thamani ya mzigo / gharama ya mauzo kwa siku
siku za madeni     = madeni ya wateja / mauzo kwa siku
siku za mali kauli = deni la wasambazaji / gharama ya mauzo kwa siku
mzunguko           = mzigo + madeni - mali kauli
```

Tuchukue duka la mfano Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Linauza saruji, nondo, mabati, misumari, mabomba ya maji, nyaya za umeme, rangi, vigae na masinki. Kwa mwezi wa siku 30 linauza bidhaa za shilingi milioni 54 bila VAT, na bidhaa hizo lilizinunua kwa milioni 45, usafiri ukiwemo. Faida ghafi ni milioni 9. Pango, mishahara, umeme na matumizi mengine yanakula milioni 5.5, inabaki milioni 3.5. Kwa siku, basi, mauzo ni milioni 1.8 na gharama ya kilichouzwa ni milioni 1.5.

Mzigo uliopo una thamani ya milioni 67.5, kwa hiyo siku za mzigo ni 45. Wateja wanadaiwa milioni 27, siku 15. Wasambazaji wanalidai duka milioni 15, siku 10. Mzunguko ni 45 kuongeza 15 kutoa 10, yaani siku 50. Kwa fedha taslimu, duka limefungia milioni 79.5 (mzigo na madeni, ukitoa deni la wasambazaji) ili liweze kuingiza hiyo milioni 3.5 kwa mwezi.

Hesabu hii huharibika kwenye sehemu mbili. Wengi hugawanya mzigo kwa mauzo badala ya gharama. Hapa wangepata siku 37.5, na siku 7.5 zimeyeyuka kwa kalamu tu, kwa sababu mzigo umeandikwa kwa bei ya kununulia huku mauzo yana faida ndani yake. Pima bei ya kununulia kwa bei ya kununulia. Kosa la pili ni kuhesabu mzigo siku moja baada ya lori kushusha, au siku ambayo stoo ni tupu. Chukua mzigo wa mwanzo wa mwezi na wa mwisho, jumlisha, gawa kwa mbili. Na kama duka halijawahi kuhesabu, hakuna njia ya mkato: funga Jumapili, watu wawili, mmoja anahesabu na kutamka, mwingine anaandika, kisha wabadilishane na kurudia rafu tatu au nne za kuchagua tu. Zikitofautiana, rudieni upande mzima.

Ukishaijua namba hiyo utaelewa kwa nini duka linalokua ndilo mara nyingi huishiwa. Mauzo yakipanda kwa asilimia 20 na tabia ya duka isibadilike, mzigo, madeni na mali kauli vyote vitapanda kwa kiasi hicho hicho, na duka litahitaji milioni 15.9 za ziada. Kwa faida halisi ya milioni 3.5, hiyo ni fedha ya zaidi ya miezi minne, kabla mwenyewe hajatoa hata ada ya shule. Mtu akikuambia biashara imechangamka lakini mtaji unakata, mara nyingi yuko hapo hapo.

Wastani unaficha

Siku 45 za mzigo si za bidhaa yoyote halisi. Ligawe duka kwa makundi manne uone.

Saruji inatoka kwa gharama ya milioni 18 kwa mwezi, na stoo huwa na mifuko ya milioni 3 tu. Hiyo ni siku 5. Kiwanda kiko Pongwe, nje kidogo ya mji, kwa hiyo hakuna sababu ya kulundika. Nondo na mabati vinatoka kwa milioni 15 na vimelala vya milioni 15, siku 30. Misumari, mabomba, nyaya na vidude vya umeme vinatoka kwa milioni 8 na vipo vya milioni 19.5, siku 73. Halafu kuna rangi, vigae, masinki na mabomba ya bafuni: vinatoka kwa milioni 4, vipo vya milioni 30. Siku 225.

Mwenye duka atakuambia mara moja kwamba vigae vina faida nzuri kuliko saruji, na ni kweli ukiangalia faida kwa kila bidhaa inayouzwa. Katika duka hili saruji inaacha faida ghafi ya milioni 1.2 kwa mwezi juu ya gharama ya milioni 18, chini kidogo ya asilimia 7. Kundi la vigae linaacha milioni 2.1 juu ya gharama ya milioni 4, zaidi ya asilimia 50. Sasa uliza swali lingine: kwa kila shilingi iliyolala stoo, mwezi umeleta nini? Saruji imeleta milioni 1.2 kwa milioni 3, asilimia 40. Vigae na wenzake wameleta milioni 2.1 kwa milioni 30, asilimia 7. Kwa swali hili misumari na nyaya zinafanya vizuri kuliko mtu anavyodhani, asilimia 18, na nondo na mabati asilimia 14.

Hii haimaanishi utupe vigae. Maana yake ni kwamba ndani ya hizo milioni 30 kuna mzigo ulio hai na mzigo uliokufa, na lazima uutenganishe. Ingia stoo na uangalie vigae vyenyewe. Boksi la vigae huwa limegongwa namba ya toleo na ya kivuli cha rangi. Vigae vya jina moja vya matoleo mawili vikipangwa sakafu moja, tofauti inaonekana mchana kweupe. Ndiyo maana maboksi matatu au manne yaliyobaki baada ya kila mteja hayamalizi chumba cha mtu yeyote, na toleo jipya haliwezi kuyaokoa. Yanarundikana kona, na kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka bado yanaandikwa kwa bei kamili. Rangi nayo ikishachanganywa kwa oda ya mteja asiyerudi, au ikishatulia na kushika ngozi juu ndani ya kopo, ni mzigo wa jina tu.

Njia rahisi ya kuukamata mzigo wa namna hii ni kuandika tarehe ya kupokelewa kwenye boksi kwa kalamu ya wino mzito siku lori linaposhusha. Kila mwisho wa mwezi pita na uandike kila kitu chenye zaidi ya siku 120. Vigae vya mabaki viuze kwa mafungu kwa fundi wa vyoo na vibaraza, ambaye haogopi kivuli. Masinki ya mtindo uliopita yapunguze bei mara moja na kwa kiasi kinachoonekana. Kupunguza elfu mbili kila baada ya miezi miwili ni kuongeza siku tu. Tuseme duka linatoa vitu vya gharama ya milioni 12 kwa milioni 10.5. Limepata hasara ya milioni 1.5, inauma, lakini shikilia namba hiyo kwa sababu tutaipimia mkopo hivi karibuni.

Kwa nondo na mabati tatizo ni lori. Mzigo kutoka Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilomita 350, una nauli ile ile lori lijae au lisijae, kwa hiyo mwenye duka hununua mwezi mzima ili kulijaza. Ni busara kwa nauli, ni gharama kwa mtaji. Wenye maduka wawili wa barabara mbili tofauti wakishirikiana lori moja kila wiki mbili, kila mmoja huleta kwa safari moja nusu ya mzigo aliokuwa akileta, kwa nauli ile ile kwa nondo. Siku ya kuagiza usiikisie. Kama nondo za milimita 12 zinatoka 20 kwa siku, na tangu uagize hadi lori lishushe ni siku 4, weka akiba ya siku 3 kwa ajili ya lori kuharibika au mteja mkubwa wa ghafla. Siku 7 mara 20 ni 140. Zikifika 140, piga simu. Huo ni mstari wa rangi ukutani nyuma ya rundo, hauhitaji kompyuta.

Usivuke mpaka upande wa pili, lakini. Fundi anayekuja na orodha ya vitu tisa akikosa waya wa kufungia nondo, anaondoka na orodha nzima kwenda jirani. Kwa hiyo punguza vitu vya gharama vinavyotembea polepole, acha vitu vya bei ndogo vinavyokamilisha orodha ya fundi vijae. Waya, misumari ya mabati, gundi ya mabomba: kuwa navyo vya miezi miwili hakuumizi mtaji.

Daftari la madeni

Siku 15 za madeni zinasikika vizuri sana mpaka ukumbuke kwamba asilimia 70 ya mauzo ya duka hili hulipwa papo hapo, kwa mkono au kwa Lipa Namba. Ya mkopo ni asilimia 30, yaani mauzo ya milioni 16.2 kwa mwezi, shilingi 540,000 kwa siku. Gawa milioni 27 kwa 540,000: siku 50. Mteja wa mkopo wa duka hili anakaa na fedha zako wiki saba. Wastani wa siku 15 ulikuwa unamficha nyuma ya wale wanaolipa taslimu.

Panga daftari kwa umri, si kwa majina. Kwenye duka hili ingetoka hivi: madeni ya siku 0 hadi 14 ni milioni 6.5, ya siku 15 hadi 30 ni milioni 5.5; ya 31 hadi 60 ni milioni 6; na yaliyopita 60 ni milioni 9. Theluthi nzima ya fedha za nje imeshapita miezi miwili. Ukisoma majina ya hiyo theluthi utakuta aina mbili za watu, na kila aina ina dawa yake.

Aina ya kwanza ni deni la fundi ambaye alichukua mzigo kwa niaba ya mwenye nyumba. Fundi anasema mwenye nyumba hajatoa, mwenye nyumba anasema alishampa fundi. Dawa ipo kabla ya mzigo kupakiwa: piga simu kwa mwenye nyumba, mtajie mzigo na kiasi, mwombe athibitishe kwa ujumbe wa simu, na uandike jina la anayeruhusiwa kusaini hati ya kupokelea mzigo. Bila saini ya jina hilo, Bajaji au kirikuu hakiondoki. Ukianza utaratibu huu baadhi watachukia. Wengi wa watakaochukia ndio wale wa siku 60.

Aina ya pili ni mkandarasi mdogo anayejenga darasa au zahanati, na yeye hukulipa akilipwa. Kumgombeza hakusaidii. Muulize kabla ya kumkopesha: unalipwa kwa hatua gani, na hatua inayofuata inathibitishwa lini? Kama malipo yake ni baada ya kupaua, na leo anachukua saruji ya msingi, basi umekubali kusubiri msingi, kuta na paa. Mpe kikomo kinacholingana na hatua moja, na mzigo wa pili usitoke mpaka wa kwanza ulipwe walau nusu.

Mkopo wa saruji ndio unaouma zaidi. Tuseme mfuko unanunua kwa 15,000 na kuuza kwa 16,000. Kwa taslimu, shilingi 15,000 hiyo hiyo inazunguka mara sita kwa mwezi na kila mzunguko inaacha 1,000. Ukimkopesha mtu kwa siku 50, umepata 1,000 moja kwa muda ambao ungepata karibu 10. Na kama hiyo 15,000 yenyewe umeikopa, huenda hata hiyo moja hukupata. Hapo inabidi tuseme juu ya bei ya fedha.

Mkopo unagharimu kiasi gani

Duka letu linapungukiwa, na linapewa mkopo wa milioni 12 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, riba ya moja kwa moja, ile inayopigwa juu ya kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho. Riba yote ni milioni 2.52, rejesho ni milioni 2.42 kila mwezi. Inaonekana ni asilimia 3.5. Lakini kila rejesho linarudisha milioni 2 za mkopo wenyewe. Baada ya marejesho manne umebaki na milioni 4 tu mkononi, na mwezi wa tano bado unatozwa riba ya 420,000, sawa na asilimia 10.5 ya ulichonacho. Ukilisawazisha kwa salio linalopungua, mkopo huu unagharimu karibu asilimia 5.7 kwa mwezi, kabla ya ada ya maombi na bima ya mkopo. Kwa hiyo ukilinganisha mikopo miwili, uliza jambo moja kwanza: riba ni ya moja kwa moja au ya salio linalopungua? Asilimia 4.5 ya salio linalopungua ni nafuu kuliko hii 3.5.

Rudi kwenye mfuko wa saruji. Siku 50 ni mwezi mmoja na theluthi mbili. Kwa asilimia 5.7 ni karibu asilimia 9.5 ya 15,000, yaani kama 1,425. Faida ni 1,000. Kila mfuko ulioukopesha kwa fedha ya mkopo huu umeuza kwa hasara ya shilingi 400 na zaidi, na mteja amelipa bei kamili. Kwenye vitabu vya duka hasara hiyo haionekani kwenye saruji, kwa sababu riba imeandikwa mstari mwingine kabisa.

Sasa fedha hiyo hiyo ipeleke kwenye vigae. Kundi lile linakaa siku 225. Mkopo unaisha siku ya 180. Utakuwa umerudisha milioni 14.52 zote huku sehemu kubwa ya vigae bado iko stoo, na marejesho yalitoka kwa fedha ya saruji na misumari. Ndipo rafu za bidhaa zinazotembea zinapoanza kuwa na mapengo, na mwenye duka anakopa tena kuziba. Dalili ni hiyo: mkopo wa pili unaochukuliwa kabla wa kwanza haujaisha, huku thamani ya mzigo haijapungua.

Muda wa fedha ufanane na kazi yake. Duka lina kiasi cha mzigo na madeni ambacho hakishuki mwaka mzima, hata masika. Hicho kigharimiwe na mtaji wako na faida unayoiacha ndani, au mkopo wa muda wa zaidi ya mwaka kama huna budi. Kile kinachopanda na kushuka kwa msimu ndicho kazi ya ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti hadi kikomo fulani, kwa sababu riba yake inahesabiwa kwa kiasi ulichotumia na siku ulizokitumia tu. Tanga mafundi hufanya kazi nyingi kipindi cha ukavu, na mvua za masika zikikaza Aprili na Mei misingi husimama. Ovadrafti inayopanda kabla ya msimu na kurudi sifuri ndani yake inafanya kazi yake. Ikikaa miezi mitatu mfululizo bila kugusa sifuri, imeshageuka kuwa mtaji wa kudumu, na benki ikikataa kuihuisha mwisho wa mwaka, utatakiwa kulipa yote kwa siku moja ukiwa na nondo badala ya fedha.

Kwa oda ya taasisi yenye LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza mzigo, benki nyingi hukopesha dhidi ya LPO yenyewe au dhidi ya ankara baada ya kupeleka mzigo. Hutoa sehemu tu ya thamani, na hukata deni fedha ya mteja inapoingia. Faida yake ni kwamba mkopo unaisha pale pale mzunguko unapoisha. Hatari yake ni kwamba taasisi ikichelewa, riba inaendelea kukimbia, na anayedaiwa ni wewe. Mikopo ya simu iache kwa nauli na dharura. Kununulia mzigo wa siku 45 kwa mkopo wa siku chache ni kutafuta faini.

Mali kauli na kodi

Fedha iliyo nafuu kuliko zote mara nyingi ni ya msambazaji, lakini si bure. Tuseme wa nondo anakuambia: lipa leo nikupunguzie asilimia 2, au lipa baada ya siku 30 bei kamili. Kusubiri kunakugharimu 2 kwa kila 98, zaidi kidogo ya asilimia 2 kwa mwezi. Kama ili kulipa leo ni lazima ukope kwa asilimia 5.7, chukua siku 30. Kama una ovadrafti ya asilimia 1.5 kwa mwezi, au fedha imekaa tu, lipa leo uchukue punguzo. Kinachoharibu ni njia ya tatu ambayo haikuwemo kwenye maelewano: kuahidi siku 30 ukalipa 55. Msambazaji haandiki barua. Safari ijayo bei imepanda kidogo, au nondo zimeisha kwako na zipo kwa jirani.

Duka lililosajiliwa VAT lina dai jingine ambalo halionekani kwenye fomula. Kodi ya asilimia 18 inadaiwa kwa mwezi uliotoa mzigo na ankara, mteja awe amelipa au hajalipa, na ritani pamoja na malipo vinatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukimuuzia mkandarasi bidhaa za milioni 10 kwa mkopo tarehe 5 Agosti, VAT yake ni milioni 1.8. Utaitoa ile uliyolipa kwenye manunuzi, ambayo nayo ulishamlipa msambazaji, na tofauti utaipeleka kufikia tarehe 20 Septemba. Kwa mteja wa siku 50, fedha inaingia tarehe 24. Kwa hiyo yote milioni 1.8 imeshatoka mfukoni mwako kabla yeye hajalipa hata senti. Kwa mteja wa LPO au mkandarasi, omba malipo ya awali yanayotosha angalau VAT na usafiri.

Tuliweke duka la Ngamiani pamoja sasa. Mzigo uliolala wa milioni 12 umetoka, na nondo na mabati vimeshuka kwa milioni 3 kwa kushirikiana lori: mzigo ni milioni 52.5, siku 35. Madeni yamekusanywa na kuwekewa kikomo hadi milioni 18, siku 10, ambayo kwa mteja wa mkopo ni siku 33. Mali kauli ya nondo imeongezwa kwa makubaliano hadi deni la wasambazaji likawa milioni 18, siku 12. Mzunguko ni siku 33. Fedha iliyofungwa imeshuka kutoka milioni 79.5 hadi 52.5, tofauti ya milioni 27, na ukiondoa ile hasara ya milioni 1.5 ya kuuza vilivyolala, milioni 25.5 zimeingia mkononi. Mkopo wa milioni 12 haukuhitajika, na riba yake ingekuwa milioni 2.52 kwa nusu mwaka, zaidi ya hasara ile iliyouma.

Haitatokea kwa mwezi mmoja. Vigae huchukua miezi mitatu minne kutoka hata kwa bei ya chini, na sehemu ya yale madeni ya milioni 9 hairudi; deni litakalokuwa limepita siku 180 bila mawasiliano lifute kwenye hesabu yako ya mtaji, hata kama unaendelea kulidai. Anza na daftari, kwa sababu siku moja ya madeni ni milioni 1.8 na siku moja ya mzigo ni milioni 1.5, na kupiga simu hakuna gharama ya kupunguza bei. Rudia hesabu tarehe ile ile kila mwezi. Na kabla ya masika, pitia stoo ya saruji hata kama ni ya siku 5: mifuko iwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ya zamani mbele. Unyevu wa pwani hugandisha saruji, na mfuko wenye mabonge yasiyosagika kwa vidole usiuuze.